Kwa nini 0125 imegeuka 85: oktali na sifuri ya mbele kwenye programu

*Shikamoo mwalimu. Nipo fildi kwenye AMCOS moja ya parachichi huku Rungwe. Nimeandika programu ndogo ya JavaScript ya kujumlisha kilo za kila mwanachama. Wanachama ni 240, na namba zao zina tarakimu nne, kuanzia 0001 hadi 0240. Nikichapa 0125 programu inaonyesha 85, nikichapa 0064 inaonyesha 52, lakini 0089 inabaki 89. Chuoni tumefundishwa kubadili desimali kwenda oktali, ila sikuona ina kazi gani. Je, ndiyo hiyo? Kila jioni nilikuwa nafuta orodha ya siku na kubaki na jumla tu kwenye faili la JSON. Nitaziokoaje hizo jumla?*

Marahaba kijana. Ndiyo hiyo hiyo, na 0089 yako iliyobaki 89 ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zile mbili zilizobadilika. Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza tuelewane kuhusu kubadili kwenyewe, maana bila hilo hutaweza kuziokoa jumla zako.

Desimali huhesabu kwa makumi: mamoja, makumi, mamia. Oktali huhesabu kwa manane: mamoja, manane, kisha 64 ambayo ni nane mara nane, kisha 512, na kuendelea. Tarakimu zake ni 0 hadi 7 tu. Hakuna 8 wala 9, kwa sababu ukifika nane unahamia nafasi inayofuata, kama vile kwenye desimali hakuna tarakimu moja ya kumi.

Chukua parachichi 125 hapo kwenye banda lenu. Tuseme kila boksi linabeba matunda 8, na kila kreti linabeba maboksi 8. Ukipanga 125 kwenye maboksi, unajaza maboksi 15 na yanabaki matunda 5. Ukipanga maboksi 15 kwenye makreti, unajaza kreti 1 na yanabaki maboksi 7. Kreti 1 halitoshi kuanzisha ngazi nyingine, kwa hiyo linabaki lenyewe. Una kreti 1, maboksi 7 na matunda 5. Basi 125 ya desimali ni 175 ya oktali. Kwenye daftari inaandikwa hivi:

```
125 ÷ 8 = 15  baki 5
 15 ÷ 8 =  1  baki 7
  1 ÷ 8 =  0  baki 1
```

Mabaki husomwa kutoka chini kwenda juu: 1, 7, 5. Wanafunzi wengi hukariri "chini kwenda juu" bila kujua sababu, halafu siku ya mtihani wanaandika 571. Sababu umeiona kwenye maboksi: baki la kwanza ni matunda yaliyokosa boksi, yaani mamoja, na mamoja hukaa kulia. Baki la mwisho ndilo kreti, na kreti ndilo lenye thamani kubwa, kwa hiyo hukaa kushoto. Kujihakiki, rudi nyuma kwa kuzidisha: 1 mara 64 ni 64, 7 mara 8 ni 56, na 5. Jumla 125. Ukikosa kufika pale ulipoanzia, kuna mgawanyo umekosea.

Sasa tazama namba yako 0125 kwa jicho la programu. Msimbo wa JavaScript wa kawaida ukikutana na namba iliyochapwa na kuanza na sifuri, huchukulia kwamba umeandika oktali. Kwa hiyo 125 hiyo inasomwa kama kreti 1, maboksi 2 na matunda 5: 64 kujumlisha 16 kujumlisha 5, sawa na 85. Na 0064 ni 6 mara 8 kujumlisha 4, yaani 52. Programu haijakosea hesabu hata kidogo. Imesoma namba tofauti na uliyokusudia.

Na 0089? Hapo pana 8 na 9, tarakimu ambazo oktali haina. Lugha nyingi zingekataa. C na Java hugoma kabisa kutafsiri programu yenye 0089, na PHP ya siku hizi nayo hukupa kosa. JavaScript ina huruma isiyofaa: ikiona 8 au 9 baada ya sifuri ya mbele, hubadili mawazo kimyakimya na kuisoma namba nzima kama desimali. Ndiyo maana 89 ilibaki 89. Umechapa orodha moja, lakini baadhi ya namba zimesomwa kwa kanuni moja na nyingine kwa kanuni tofauti, bila onyo lolote.

Matokeo yake ni haya. Chapa mistari hii uone mwenyewe:

```js
console.log(0125);           // 85
console.log(0085);           // 85
console.log(0125 === 0085);  // true
```

Mwanachama 0125 na mwanachama 0085 wamekuwa mtu mmoja. Kama asubuhi 0125 alileta kilo 340 na mchana 0085 akaleta kilo 210, faili lako lina mtu mmoja, namba 85, mwenye kilo 550. Na huna haja ya kwenda mbali kupata mgongano kama huo: 0010 inasomwa 8, wakati 0008 nayo ni 8. Wanachama wawili miongoni mwa kumi wa kwanza tayari wamevaa jina moja.

Jambo baya zaidi ni kwamba jumla ya siku hailalamiki. Kilo zote zipo, zimewekwa tu kwa mtu asiye wake. Katibu akilinganisha jumla ya programu na jumla ya mzani, zinalingana hadi kilo ya mwisho. Tofauti itajitokeza siku ya malipo, mkulima mmoja akisema hajawahi kuleta mzigo mkubwa hivyo (wapo waungwana wa namna hiyo), au mwingine akikuta jina lake halipo.

Utauliza nani aliamua kwamba sifuri igeuze namba. Jibu liko Bell Labs, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Ken Thompson alitengeneza lugha ya B, na Dennis Ritchie akaikuza ikawa C. Mashine waliyoanzia, PDP-7, ilikuwa na neno la biti 18. Biti tatu zina mipangilio minane, 000 hadi 111, kwa hiyo kila biti tatu ni tarakimu moja ya oktali, na biti 18 hugawanyika sawasawa katika tarakimu sita. Ukiwa unachungulia kumbukumbu ya mashine siku nzima, kuandika tarakimu sita ni nafuu kuliko kuandika sifuri na moja kumi na nane. Walihitaji alama fupi ya kusema "hii ni oktali", wakachagua sifuri ya mbele. C ikairithi kutoka B; Java, PHP na JavaScript zikairithi kutoka C, hata pale ambapo hakuna tena aliyekuwa anachungulia neno la biti 18.

Ukitaka kuona biti tatu hizo kwa namba yetu, andika 125 kwa mfumo wa mbili: 1111101. Anza kulia, kata tatu tatu, na upande wa kushoto jazia sifuri: 001, 111, 101. Soma kila fungu peke yake: 1, 7, 5. Ni 175 ile ile ya maboksi, bila kugawanya chochote. Kwenye mtihani njia hii ni ya haraka kama tayari unayo namba kwa mfumo wa mbili; kama huna, gawanya kwa nane tu.

Oktali bado ina kazi moja halali ambayo utakutana nayo kabla hujamaliza chuo, nayo ni ruhusa za mafaili kwenye Linux. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1. Biti tatu kwa mwenye faili, tatu kwa kundi, tatu kwa wengine. Ndiyo maana ruhusa 755 huandikwa kwa oktali. Huko kosa huja kwa upande wa pili: mtu anasahau sifuri. Kwenye PHP, `chmod($f, 0755)` ni sahihi. Ukiandika `chmod($f, 755)`, PHP inachukua 755 ya desimali, ambayo ukiigawanya kwa nane inatoa 1363 ya oktali. Mwenye faili anapata 3, yaani kuandika na kuendesha bila kusoma, na faili lake mwenyewe linakataa kusomeka. Kwenye dirisha la amri, lakini, `chmod 755` haina shida, kwa sababu amri hiyo husoma kila inachopewa kama oktali.

Kuna sehemu nyingine sifuri hujificha kwa miezi. Skripti ya Bash inayochukua mwezi kwa `date +%m` hupata 01, 02 na kuendelea. Ikitumika kwenye hesabu, 01 hadi 07 ni sawa kwa oktali na kwa desimali, hivyo kila kitu kinakwenda vizuri tangu Januari. Ikifika Agosti, 08 si oktali halali, na Bash inasimama na kulalamika kwamba `value too great for base`. Septemba hivyo hivyo. Oktoba inapona yenyewe, na mtu asiyejua anaamini tatizo lilikuwa mtandao. Dawa ni kuilazimisha isome kwa kumi: `$((10#$mwezi))`.

Turudi kwenye banda lenu. Kuanzia leo, namba ya mwanachama iweke kwenye alama za nukuu, iwe maandishi:

```js
const mapokezi = [
  ["0125", 340],
  ["0085", 210]
];
```

Hutajumlisha namba ya mwanachama na namba ya mwingine, wala hutaigawanya; inamtambulisha mtu tu. Namba ya simu ni hivyo hivyo, na zetu zote zinaanza na sifuri. Kilo ndizo namba, ziache bila nukuu. Ukihifadhi kwenye JSON nukuu hizo zitabaki, na JSON yenyewe haikubali namba isiyo na nukuu inayoanza na sifuri, itakupa kosa papo hapo. Hilo ni jambo jema.

Kisha, mstari wa kwanza kabisa wa programu uandike `"use strict";`. Kanuni hii ilikuja na toleo la JavaScript la 2009, na chini yake 0125 na 0089 zote mbili zinakataliwa kabla programu haijaanza. Ukihitaji oktali kwa makusudi, andika `0o125`, njia iliyokuja 2015, ambayo hakuna atakayeisoma vingine. Python iliamua hivyo mapema zaidi: tangu toleo la 3 la mwaka 2008, sifuri ya mbele kwenye namba kama 0125 ni kosa la sarufi, na oktali lazima iwe na `0o`. Kwa maoni yangu ndiyo suluhisho bora kuliko yote, maana kosa linalopiga kelele linatibika siku hiyo hiyo.

Usichanganye jambo hili na namba inayoingia kutoka kwenye fomu au faili. Hiyo huja kama maandishi, na `Number("0125")` hutoa 125, si 85. Kanuni ya oktali inahusu namba uliyoichapa ndani ya msimbo wenyewe. Ndiyo maana mwenzako anaweza kujaribu programu yako kupitia fomu, akaona kila kitu kiko sawa, akakuambia unaota. Excel nayo ina tabia yake: huitupa sifuri ya mbele na kubaki na 125. Inapoteza sura ya namba, lakini thamani haiguswi.

Sasa jumla za JSON. Kama una nakala yoyote ya orodha ulizochapa, hata kwenye laptopu ya rafiki, itumie hiyo. Weka nukuu, endesha upya, na kazi imekwisha. Kama hazipo kabisa, tunafanya upelelezi, na oktali yenyewe inatusaidia.

Anza na kanuni hii: namba iliyohifadhiwa ambayo haina 8 wala 9 ndani yake, mfano 52, lazima ilitoka kwenye oktali. Haiwezi kuwa mwanachama 0052, kwa sababu 0052 haina 8 wala 9, hivyo ingesomwa kama oktali na kuwa 42. Basi ibadilishe 52 kwenda oktali: 52 kwa 8 ni 6 baki 4, jibu 64, mwanachama 0064. Kompyuta inaweza kukufanyia:

```js
const n = 52;
console.log(n.toString(8).padStart(4, "0")); // 0064
```

Kundi la pili ni namba kubwa. Mwanachama wenu wa mwisho ni 0240, na 240 ikisomwa kama oktali ni 160. Kwa hiyo hakuna namba iliyosomwa kwa oktali inayoweza kuzidi 160. Ukikuta 189 kwenye faili, ni mwanachama 0189 mwenyewe, hana mshindani. Ukiibadilisha 189 kwenda oktali unapata 275, na mwanachama wa 275 hamna. Hapa pia pana kipimo cha kuthibitisha ugonjwa kabla hujatibu: kama maelezo yangu ni sahihi, faili lako halina hata mara moja namba kama 170 au 200 au 215, kwa sababu kilichozidi 160 lazima kiwe na 8 au 9. Kafute shaka hiyo kwanza. Ukikuta 170, basi kuna siku ulichapa bila sifuri, na siku hiyo ishughulikie peke yake.

Kundi la tatu ndilo lenye kazi: namba zisizozidi 160 zenye 8 au 9, kama 8, 19, 85, 148. Kila moja ina wenyewe wawili wanaowezekana. 85 ni 0085 au 0125, au wote wawili wamejumlishwa. Nimezihesabu: namba za aina hii ni 48, maana yake wanachama 96 kati ya 240 ndio wenye utata. Wengine 144 unaweza kuwarudishia kilo zao leo kwa msimbo ule mfupi na kipimo cha 160.

Kwa hao 96 usikisie, wala usigawanye kilo nusu kwa nusu. Chapisha orodha ya jozi 48, kila mstari ukiwa na namba mbili za wanachama, tarehe na jumla ya kilo. Nenda nayo kwenye vitabu vya stakabadhi za mzani. Huna haja ya kupekua kila stakabadhi. Kwa kila jozi tafuta mmoja tu, yule ambaye huwa haleti mzigo mara kwa mara. Kama siku hiyo hana stakabadhi, kilo zote ni za mwenzake. Kama anayo, toa kilo zake kwenye jumla, na kinachobaki lazima kilingane na stakabadhi za yule wa pili. Kwa mfano wetu, 550 ukitoa 210 ya 0085 inabaki 340, na kwenye kitabu lazima uikute 340 ya 0125. Jozi isiyolingana iwekee alama, umpelekee katibu pamoja na stakabadhi zake, kabla orodha ya malipo haijatoka.